Kuutafuta uzito usiojulikana kutoka kwenye picha ya mchoro wa wenzo uliosawazika

Mwanafunzi mmoja wa Wete alinitumia kwa simu picha ya mchoro alioukuta kwenye karatasi ya mazoezi. Ufito mrefu umelazwa juu ya pembetatu ndogo, upande wa kushoto pametundikwa kijisanduku kilichoandikwa herufi W, upande wa kulia pametundikwa kijisanduku kingine kilichoandikwa 2 N, na chini ya mchoro pana maneno machache yanayosema kwamba ufito umetulia mlalo na kwamba msomaji autafute uzito W. Pamoja na picha aliniletea jibu lake, nalo lilikuwa nyutoni 32. Hesabu yenyewe ya kuzidisha na kugawanya hakuikosea hata kidogo. Alichokosea ni kuisoma picha, na kwa muda niliofundisha somo hili hapa Chake Chake nimeona kwamba makosa mengi ya nyenzo huzaliwa hapo, kabla mlinganyo haujaandikwa. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye usomaji wa picha, na utaifuata picha hiyohiyo moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Naieleza picha kama ilivyo ili msomaji aweze kuichora upya kwenye karatasi yake. Ufito una urefu wa sentimita 100, na umewekewa alama kila baada ya sentimita 10, kuanzia 0 kwenye ncha ya kushoto hadi 100 kwenye ncha ya kulia. Pembetatu, ambayo ndiyo egemeo, iko chini ya alama ya 30. Uzi wa W unakata ufito katikati ya alama ya 0 na ya 10, na kishale kidogo kinaonyesha kwamba hapo ni 5. Uzi wa kijisanduku cha 2 N uko kwenye alama ya 80. Juu kabisa, kwenye pembe ya karatasi, pana maandishi madogo ambayo mwanafunzi hakuyajali: ufito sawa, gramu 100.

Hatua ya kwanza: amua kama picha inasomwa au inapimwa

Michoro ya nyenzo ni ya namna mbili, na kila moja ina kanuni yake. Mchoro ulioandikwa namba husomwa, yaani unazifuata namba zilizoandikwa na huujali urefu wa mistari unaouona kwenye kioo cha simu, kwa sababu mchoraji hakulazimika kuuchora kwa vipimo halisi. Mchoro usio na namba, lakini ukaelezwa kwamba umechorwa kwa skeli, hupimwa kwa rula. Mchoro wetu una namba, basi tunausoma. Mwanafunzi anayeweka rula juu ya kioo cha simu huku namba ziko mbele ya macho yake anaiacha taarifa ya uhakika na kuifuata iliyo dhaifu.

Hata hivyo yafaa kujua ni kwa nini kupima kunawezekana pale ambapo hakuna namba. Katika kanuni ya momenti, yaani uwezo wa kani kuuzungusha ufito kwenye egemeo, kinachoamua jibu ni uwiano wa umbali mmoja kwa mwingine. Picha ikikuzwa mara mbili, umbali wote unakuzwa mara mbili, na uwiano unabaki vilevile, ndiyo maana unaweza kupima kwa milimita za kioo cha simu bila ya kuujua urefu halisi wa ufito, na uzito ukatoka sawa. Sharti ni moja tu, kwamba picha iwe imepigwa kwa kuielekea karatasi moja kwa moja. Simu ikishikwa kwa upande, sehemu ya karatasi iliyo mbali na kamera huonekana fupi kuliko iliyo karibu, na hapo uwiano huharibika.

Kuligundua tatizo hilo ni rahisi. Pima nafasi kati ya alama mbili zinazofuatana kwenye ncha ya kushoto, kisha pima nafasi ya namna hiyohiyo kwenye ncha ya kulia. Zikiwa sawa, picha ni salama. Zikitofautiana, usipime. Tuseme picha yetu ingekuwa imepigwa kwa upande hata nafasi ya kwanza kushoto ikawa milimita 9 na ya mwisho kulia ikawa milimita 7. Umbali wa kutoka egemeo hadi kwenye 2 N, ambao kwa kweli ni mara 2 kamili ya ule wa kutoka egemeo hadi kwenye W, ungeonekana kuwa kama mara 1.8 tu, na jibu la mwisho, ambalo tutaona kuwa ni nyutoni 4.8, lingeshuka hadi karibu nyutoni 4.4. Dawa yake ni kuzihesabu alama badala ya kuupima urefu, kwa kuwa alama hubaki kuwa alama hata picha ikipindwa namna gani. Kama alama hazipo, omba picha nyingine iliyopigwa kwa kusimama juu ya karatasi, na ncha zote mbili za ufito zionekane.

Nalisisitiza hilo la ncha zote mbili. Picha iliyokatwa ncha ya kushoto inamfanya msomaji auchukue mwanzo wa picha kuwa mwanzo wa ufito, na namba zote alizozihesabu kuanzia hapo huwa si sahihi.

Hatua ya pili: chora upya, na umbali wote uanzie kwenye egemeo

Hii ndiyo hatua iliyomponza mwanafunzi wa Wete. Yeye aliziona namba 5 na 80 kwenye ufito, akazidisha 2 kwa 80 akapata 160, akagawanya kwa 5, akapata 32. Namba hizo ni za kweli, ila zinaeleza mahali uzi ulipo kwenye ufito, kwa kuhesabu kutoka ncha ya kushoto. Momenti haiulizi uzito uko wapi kwenye ufito. Inauliza uko mbali kiasi gani na mahali ambapo ufito unazungukia. Mahali hapo ni egemeo, nalo liko kwenye alama ya 30.

Basi weka picha pembeni, chukua karatasi, chora mstari mmoja mlalo, weka kipembetatu chini yake, na juu ya kipembetatu hicho andika 0. Tangu hapo namba za ufito zimekwisha kazi yake na zinabadilishwa kwa kutoa. Uzi wa W uko alama ya 5, egemeo liko alama ya 30, kwa hiyo umbali wake ni 30 − 5, yaani sentimita 25, upande wa kushoto. Uzi wa 2 N uko alama ya 80, kwa hiyo umbali wake ni 80 − 30, yaani sentimita 50, upande wa kulia. Andika 25 na 50 kwenye mchoro wako mpya, na usiandike tena 5 wala 80 mahali popote. Mimi huwataka wanafunzi wangu wazikate kwa kalamu zile namba za mwanzo, kwa sababu namba iliyobaki karatasini huwa na tabia ya kurudi kwenye mlinganyo bila ya kuitwa.

Hapa pia ndipo pa kulikadiria jibu kabla ya kulitafuta, na kwetu visiwani hilo halihitaji kitabu. Mtu aliyewahi kuchukua maji kwa mzega anajua kwamba madebe mawili yakiwa sawa bega hukaa katikati ya mti, na debe moja likiwa zito zaidi, bega husogea kulielekea lile zito mpaka mti utulie. Bega ndilo egemeo. Upande wenye mkono mfupi ndio wenye mzigo mkubwa. Katika mchoro wetu mkono wa W ni sentimita 25 na mkono wa 2 N ni sentimita 50, basi W lazima iwe kubwa kuliko 2, na kwa kuwa mkono wake ni nusu ya ule mwingine, itakuwa karibu na 4. Mwanafunzi aliyefanya makadirio haya, akija kupata 32, atajua papo hapo kwamba pana kitu hakiko sawa, kwani mzigo wa mara 16 haungetulia kwa mikono inayotofautiana mara 2 tu.

Hatua ya tatu: tafuta kani zote, pamoja na ile isiyochorwa

Nilipomrudishia mwanafunzi mchoro huo mpya, alitafuta tena na kunijibu nyutoni 4. Alikuwa amekaribia, lakini bado. Nikamwomba asome maandishi yaliyo kwenye pembe ya karatasi, naye akaniuliza, "Mwalimu, mbona pale katikati ya ufito hapajatundikwa kitu?"

Swali lake ni zuri, na jibu lake ndilo linalotenganisha mchoro mwepesi na mchoro wa kweli. Ufito wenyewe una uzito. Hakuna aliyeutundika, lakini upo, na unauvuta ufito chini kama mzigo mwingine wowote. Uzito huo umetapakaa kwenye urefu wote wa ufito, ila kwa hesabu ya momenti tunaruhusiwa kuuchukua wote kana kwamba umekusanyika mahali pamoja panapoitwa kitovu cha uzito. Maneno "ufito sawa" yana maana kwamba unene wake na kitu ulichotengenezewa havibadiliki tangu ncha moja hadi nyingine, na kwa ufito wa namna hiyo kitovu cha uzito kiko katikati kabisa ya urefu wake. Urefu ni sentimita 100, basi kitovu kiko alama ya 50. Egemeo liko alama ya 30. Umbali wa kitovu kutoka egemeo ni sentimita 20, na kiko upande wa kulia, kwa hiyo uzito wa ufito unausaidia mzigo wa 2 N dhidi ya W. Sasa tunajua kwa nini nyutoni 4 ilikuwa pungufu: W haibebani na mzigo wa kulia peke yake, inabebana pia na sehemu ndefu ya ufito iliyoangukia kulia kwa egemeo.

Ongeza basi kishale cha tatu kwenye mchoro wako, kianzie sentimita 20 kulia kwa egemeo na kielekee chini. Kishale kikishachorwa, hakisahauliki.

Kani ya nne nayo ipo, ambayo ni ile ya egemeo kuusukuma ufito juu. Hii hatuiingizi kwenye mlinganyo wetu, kwa sababu inapita kwenye egemeo lenyewe, umbali wake ni 0, na chochote kikizidishwa kwa 0 hakina momenti. Hiyo ndiyo faida ya kuhesabia momenti kwenye egemeo, kwamba kani tusiyoijua inatoka yenyewe. Tutairudia wakati wa kulihakiki jibu.

Zipo hali mbili ambazo uzito wa ufito unaachwa kwa haki. Ya kwanza ni pale swali linaposema wazi kwamba ufito ni mwepesi hata uzito wake hauhesabiwi. Ya pili ni pale egemeo linapokuwa chini ya kitovu cha uzito chenyewe, kwa mfano alama ya 50 kwenye ufito sawa wa sentimita 100, kwa kuwa umbali wake hapo ni 0. Nje ya hali hizo mbili, ukiona gramu au nyutoni zimeandikwa kando ya ufito, zimeandikwa kwa makusudi.

Hatua ya nne: vipimo viwe vya aina moja

Mchoro unasema ufito ni gramu 100, na mzigo ni nyutoni 2. Gramu ni kipimo cha masi, na nyutoni ni kipimo cha kani, kwa hiyo haviwezi kuketi kwenye mlinganyo mmoja mpaka kimoja kigeuzwe. Gramu 100 ni kilogramu 0.1. Kila kilogramu moja huvutwa na dunia kwa kani ya nyutoni 9.8 hivi, na mazoezi mengi ya skuli huturuhusu kutumia 10. Basi uzito wa ufito ni 0.1 × 10, yaani nyutoni 1.

Mwanafunzi anayeingiza 100 moja kwa moja atapata W ya nyutoni 84, na ukiiona namba ya namna hiyo usiitafute sababu mbali. Umbali, kwa upande wake, unaweza kubaki kwa sentimita, kwa sharti kwamba uwe wa sentimita kotekote. Na kama mizigo yote pamoja na ufito vimeandikwa kwa gramu, huna haja ya kugeuza chochote mpaka mwisho, kwani ile 10 ingezidisha kila upande na kufutika. Utapata jibu kwa gramu, kisha utaligeuza hilo moja kuwa nyutoni.

Hatua ya tano: andika mlinganyo na uutatue

Momenti ya kani ni zao la kani hiyo na umbali kati ya egemeo na mstari ambao kani inaufuata, umbali unaopimwa kwa pembe mraba na mstari huo. Ufito ukiwa mlalo na mizigo ikining'inia wima, pembe mraba ipo tayari na umbali ni ule tulioutafuta. Ufito unapotulia, jumla ya momenti zinazotaka kuuzungusha kwa mwelekeo wa akrabu za saa ni sawa na jumla ya zile zinazotaka kuuzungusha kinyume chake. Vitu vilivyo kulia kwa egemeo na kuvutwa chini huzungusha kwa mwelekeo wa akrabu. Vilivyo kushoto huzungusha kinyume.

Upande wa kushoto tuna W peke yake, na upande wa kulia tuna ufito na mzigo:

```
W × 25 = (1 × 20) + (2 × 50)
W × 25 = 20 + 100
W × 25 = 120
W = 4.8 N
```

Uzito usiojulikana ni nyutoni 4.8, na masi ya kitu hicho ni kama gramu 480. Jibu liko juu kidogo ya yale makadirio yetu ya 4, na hiyo ziada ya 0.8 ndiyo mchango wa ufito. Kama mtu angetumia 9.8 badala ya 10 katika kuugeuza uzito wa ufito, angepata 4.78, tofauti ambayo haimsumbui yeyote.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kama ufito ulioinama, lakini umetulia, unabadilisha hesabu. Mizigo yote ikining'inia wima, na mahali ilipotundikwa pamoja na kitovu cha uzito vikiwa kwenye mstari mmoja unaopita kwenye egemeo, kuinama kunaufupisha kila umbali kwa kiwango kimoja, na uwiano hauguswi. Mambo hubadilika pale ambapo moja ya kani inavutwa kwa kamba iliyolala mshazari. Hapo umbali ulioandikwa kwenye ufito si umbali wa momenti tena, na lazima uishushe pembe mraba kutoka egemeo hadi kwenye mstari wa kamba.

Hatua ya sita: lihakiki jibu kutoka mahali pengine

Kulirudisha 4.8 kwenye mlinganyo uleule hakuhakiki chochote isipokuwa kugawanya kwako. Uhakiki wenye nguvu ni kuhesabia momenti kutoka mahali pengine, kwani ufito uliotulia hauzunguki kuhusu sehemu yoyote ile, si kuhusu egemeo pekee. Tuchague ncha ya kushoto, na hapa zile namba za ufito tulizozikata zinarudi kwa haki yake.

Kwanza tunaihitaji kani ya egemeo. Ufito haupandi wala haushuki, kwa hiyo egemeo linasukuma juu kwa jumla ya kani zote za chini, ambayo ni 4.8 + 1 + 2, yaani nyutoni 7.8. Sasa:

```
Chini: (4.8 × 5) + (1 × 50) + (2 × 80) = 24 + 50 + 160 = 234
Juu:    7.8 × 30 = 234
```

Pande mbili zimelingana. Jaribu kufanya hivyo kwa jibu la 32, na utaona upande wa chini ukitoa 370 na wa juu ukitoa 1,050, tofauti isiyoweza kufichika. Jibu la 4 nalo linatoa 230 chini na 210 juu, kwa hiyo hata kosa dogo la kuusahau ufito linaonekana, almuradi kwenye uhakiki usiusahau tena.

Baada ya kuhakiki hesabu, pima pia usomaji wako, hasa kama picha haikuwa safi. Tuseme ulibabaika kati ya 80 na 81 kwenye uzi wa 2 N. Kwa 81 jibu linakuwa 4.88, na mabadiliko ni madogo. Lakini ukibabaika kwa sentimita hiyohiyo moja kwenye uzi wa W, ukausoma mkono wake kuwa 24 badala ya 25, jibu linaruka hadi 5.0. Mkono mfupi hauvumilii kosa. Egemeo halivumilii zaidi, kwa sababu linaugusa kila umbali kwa pamoja: ukilisoma kuwa liko 31 badala ya 30, mkono wa W unarefuka hadi 26, wa ufito unafupika hadi 19, wa mzigo unafupika hadi 49, na jibu linaanguka hadi 4.5. Kwa hiyo unapoikuza picha kwa vidole, anza kukuza pale kwenye ncha ya juu ya pembetatu, uhakikishe inagusa alama gani, kisha nenda kwenye uzi ulio karibu nayo, na ule wa mbali uuache mwisho. Kama picha ni ya rula halisi iliyotundikwa, na si ya mchoro, angalia pia kwamba kamera ilikuwa mkabala wa alama unayoisoma, kwani uzi ulioko mbele ya rula ukitazamwa kwa upande huonekana umekata alama ya jirani.

Pale ambapo uzito wa ufito haukuandikwa

Mwanafunzi huyo, baada ya kuyaelewa hayo, alinitumia picha nyingine ya mchoro wenye namba zilezile, lakini pembeni palikuwa na maneno "ufito sawa" bila ya gramu. Akataka kujua afanye nini. Jibu la kweli ni kwamba kwa picha moja pekee hawezi kufanya lolote. Tukiuita uzito wa ufito U, mlinganyo unakuwa na herufi mbili, W na U, na mlinganyo mmoja hauwezi kuzitoa mbili. Kukisia kwamba ufito ni mwepesi, eti kwa kuwa hawakuutaja, ni kosa, maana neno "sawa" limewekwa hapo ili kumwelekeza msomaji kwenye kitovu cha uzito.

Ilibidi atafute tena kwenye karatasi yake, na kweli chini ya mchoro wa kwanza kulikuwa na wa pili ambao hakuupiga picha. Egemeo lilibaki alama ya 30, W ilisogezwa hadi alama ya 10, na ili ufito utulie tena, mzigo wa 2 N ulisogezwa hadi alama ya 68. Michoro miwili ya wenzo mmoja katika hali mbili tofauti za kutulia huleta milinganyo miwili, na hiyo inatosha. Katika mchoro wa kwanza mikono ni 25, 20 na 50 kama tulivyoijua. Katika wa pili mkono wa W ni 30 − 10, yaani 20. Wa ufito haukubadilika, ni 20. Wa mzigo ni 68 − 30, yaani 38.

```
Mchoro wa 1: 25 × W = 20 × U + 100
Mchoro wa 2: 20 × W = 20 × U + 76
```

Kwa kuwa egemeo halikusogezwa, 20 × U iko sawasawa kwenye milinganyo yote miwili, na ukiutoa wa pili kwenye wa kwanza inatoweka. Kinachobaki ni 5 × W = 24, na W ni nyutoni 4.8. Ukiirudisha W hiyo kwenye mlinganyo wa kwanza unapata 120 = 20 × U + 100, basi U ni nyutoni 1. Kwa njia hii huhitaji hata kujua kwamba ufito ni sawa wala kitovu chake kiko wapi, ikiwa shida yako ni W peke yake, kwa sababu momenti ya ufito inatoka nzima kama ilivyo, iwe ni 20 × U au kitu kingine. Njia hii basi inafaa hata kwa ufito wa mti uliokatwa porini, wenye shina nene na ncha nyembamba, mradi egemeo lisisogezwe kati ya picha ya kwanza na ya pili. Nilimwambia mwanafunzi arudi kwenye karatasi, aipige picha michoro yote miwili pamoja na maneno ya pembeni, kisha aitatue tena kwa mkono wake. Safari hii aliniletea 4.8 pamoja na uhakiki wa ncha ya kushoto, na namba 5 na 80 zilikuwa zimekatwa kwa kalamu nyekundu.